Sahani 30 za Lufingo

Karatasi ya kwanza ya mpango huu haina chakula wala gari. Ina majina 20 yaliyoandikwa kwa penseli, na mbele ya kila jina kuna nafasi tatu za kujaza: analala wapi, anapanda gari gani, hali nini. Mratibu ameitandaza juu ya meza ya nyumba ya wageni mjini Tukuyu, koti amelifunga vifungo vyote, maana ni Julai, na Julai ya Rungwe humlaza mtu wa Dar es Salaam na soksi miguuni. Kikosi kitashuti filamu fupi kwa siku tatu katika kata ya Lufingo, kwenye kitongoji ambacho mwongozaji amekipenda kwa migomba yake na mteremko wake. Mratibu hajasema lolote kuhusu migomba. Ameuliza tu kama kuna mahali Kosta inaweza kugeuza.

Kwenye bajeti kazi yake imeandikwa kama kazi mbili, chakula na usafiri. Nilipomtazama akiifanya niliona kwamba yeye anaijua kuwa moja. Nyama ikinunuliwa mbali, gari ndilo linaloamua saa ya kula. Gari likikwama, watu 20 wanakaa njaa wakiwa wamebeba kamera. Kwa hiyo daftari lake halina sehemu ya chakula na sehemu ya magari. Kila ukurasa ni saa moja ya siku, na ndani ya saa hiyo ameandika nani yuko wapi, alikula lini mara ya mwisho, na gari lipi liko karibu naye.

Anaanza kwa kuhesabu walaji. Majina 20 ni ya wale wanaotambuliwa na bajeti: mwongozaji na msaidizi wake, watu watatu wa kamera, wawili wa sauti, wawili wa taa na jenereta, wawili wa mavazi na mekapu, waigizaji watano, madereva watatu, na yeye mwenyewe. Madereva ndio husahaulika mara nyingi, kwa sababu watu wanapohesabiwa wao wako garini. Halafu anaongeza wasiotambuliwa na bajeti: akina mama watatu watakaopika, vijana watatu wa kubeba vifaa, na mzee mmoja aliyewekwa na serikali ya kijiji kuwa mwenyeji wao. Jumla ni 27. Mwisho anaongeza sahani tatu zisizo na jina, kwa ajili ya mwenye nyumba, mwenyekiti wa kijiji akipita, na mgeni kama mimi. Watu 20 wamekuwa sahani 30, na bado hajagusa bei ya kitu chochote.

Kisha anapiga simu, mtu mmoja mmoja. Angeweza kutuma ujumbe kwenye kundi, lakini anasema kwenye kundi kila mtu hujibu kwamba anakula kila kitu. Kwa sauti yake watu hufunguka. Fundi sauti anamwambia, "Dada, mimi na maharage hatupatani, nina vidonda vya tumbo." Mwigizaji mmoja hali nyama ya ng'ombe. Wawili wanataka kuwa na hakika nyama imechinjwa kihalali. Dereva mmoja ana kisukari na hawezi kupitisha saa ya kula. Yote yanaingia kwenye nafasi ya tatu, na jina la dereva yule linapigiwa mstari mara mbili.

Vibali vilikwisha shughulikiwa wiki kadhaa kabla: kibali cha Bodi ya Filamu, barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha ngazi zinazofuata hadi kwa mtendaji wa kata na kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye aliyemteua yule mzee. Nakala zake zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na zinakaa kwenye gari la mbele daima.

Sasa njia. Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kwa dhati. Watu wengi hukagua njia kwa gari dogo, tena mchana, tena pamekauka, kisha wanaandika kilomita. Yeye alikodi Kosta ileile itakayobeba watu, na dereva yuleyule, akaenda nayo ikiwa na mifuko ya mchanga kwenye viti vya nyuma badala ya abiria. Kosta ina mkia mrefu unaochomoza nyuma ya magurudumu. Mahali ambapo Land Cruiser inavuka mtaro bila kujua kama kulikuwa na mtaro, mkia wa Kosta unakwaruza chini. Alitaka kuona kwa macho ni mitaro mingapi inayoukwaruza. Alishuka kwenye kila kona kali, akasimama nje, akamwacha dereva apite peke yake huku yeye akitazama matairi ya nyuma. Alipomaliza aliandika dakika, si kilomita: Kosta yenye mzigo dakika 60, Noah dakika 50, na mahali pa kugeuza ni pawili tu, kwenye kiwanja cha shule na kwenye njia panda iliyo juu ya kitongoji.

Gari hilo na dereva wake hawakutoka Dar es Salaam. Watu walikuja kwa basi, zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya na kisha kupanda na kushuka hadi Tukuyu, wakapewa siku nzima ya kupumzika. Lakini magari aliyakodi hukuhuku. Dereva wa Tukuyu anaijua ardhi hii, na ardhi hii inahitaji kujulikana. Udongo wa Rungwe ni wa volkano, laini na wenye rutuba, ndiyo maana kuna chai na migomba na parachichi kila upande. Na udongo huohuo ukilowa unateleza vibaya. Tena unalowa mara kwa mara. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda milima hii, ukifika juu hupoa na kuacha maji yake, na kwa sababu hiyo wilaya hii ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Mvua kubwa huishia Mei. Lakini manyunyu ya Julai hayatangazwi na mtu, na manyunyu ya usiku mmoja yanatosha kuinyima Kosta mteremko wa mwisho.

Ana kipimo chake cha hilo. Anasimama katikati ya barabara, anakanyaga kwa kisigino kwa nguvu zote, anaondoa mguu na kusubiri. Shimo la kisigino likibaki kavu, Kosta inashuka. Kuta za shimo zikiporomoka taratibu, Kosta inashuka ikiwa tupu na watu wanatembea nyuma yake. Shimo likianza kujaa maji, Kosta inabaki njia panda. Nilimwona akifanya hivyo mahali patatu tofauti kwenye mteremko uleule, kwa sababu sehemu iliyo chini ya kivuli cha miti hukauka saa kadhaa baada ya sehemu iliyo wazi.

Magari ni matatu, na kila moja limepewa kazi ambayo mengine hayaruhusiwi kulichanganyia. Kosta inabeba watu na mavazi. Land Cruiser inabeba kamera, sauti na watu watatu wa kamera, na ikishashusha mzigo inaegeshwa ikitazama njia ya kutokea, ufunguo kwa dereva, dereva asiende mbali. Hilo ndilo gari la dharura, na safari yake imeandikwa tayari: hospitali ya wilaya ya Makandana, Tukuyu. Mwongozaji akitaka kulituma kufuata betri, anaambiwa hapana, kwa upole. Noah ndiyo ya kutumwa. Inaleta nyama na maji asubuhi, inarudi kufuata kilichosahaulika, na jioni inabeba takataka zote kurudi mjini.

Baada ya watu na njia kujulikana, ndipo anapopanga saa, na anapanga kutoka mwisho kuja mwanzo. Anaandika katikati ya karatasi: chakula cha mchana, saa 6:30. Katika kazi ya filamu ni desturi kwamba watu wasipitishe saa sita tangu walipoanza au walipokula mara ya mwisho, na desturi hiyo ina maana yake. Baada ya hapo mshika kipaza sauti huanza kushusha mkono, mwigizaji husahau maneno aliyoyajua jana, na dakika zinazookolewa kwa kuchelewesha chakula hulipwa kwa kurudia sini. Ikiwa mchana ni saa 6:30, chai ya asubuhi ni saa 12:30, palepale lokesheni. Ikiwa chai ni saa 12:30, Kosta inatoka Tukuyu saa 11:30 alfajiri.

Hapa alikuta kosa kwenye ratiba ya mwongozaji. Ilikuwa imeandikwa Dar es Salaam, na ilitaka sini ya kwanza, ya jua linapochomoza, ianze saa 12:30 asubuhi. Mratibu aliifuta akaandika saa 1:00. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halifiki kila mahali kwa wakati mmoja. Dar es Salaam iko karibu na longitudo ya digrii 39, na Tukuyu iko karibu na 33 na nusu. Jua hutumia dakika nne kwa kila digrii, kwa hiyo linachelewa huku kwa zaidi ya dakika 20. Katika Julai linachomoza karibu saa 1:00 kamili, na jioni linazama karibu saa 12:40. Kwa kusahihisha mstari mmoja aliwapa watu wa Kosta nusu saa ya kunywa chai badala ya kusimama gizani wakitetemeka. Jioni nayo ikapata mpaka wake: vifaa vinafungwa saa 11:30, Kosta inaondoka saa 12:00, mteremko unapandwa kukiwa bado na mwanga.

Jiko alilolichagua haliko karibu na lokesheni, ingawa mwenye nyumba ya karibu alijitolea ua wake. Mratibu alisimama uani pale na fundi sauti, akamwomba mama mmoja atwange kidogo kwenye kinu. Fundi sauti alivaa vipokea sauti vyake vya masikioni, akatikisa kichwa. Mchi ulisikika kama uko ndani ya chumba cha kushutia. Wakasogea hadi nyumba ya tatu, nyuma ya shamba la migomba, upande ambao upepo unatoka lokesheni kwenda jikoni ili moshi wa kuni usiingie kwenye picha. Mama akatwanga tena. Safari hii fundi aliinua kidole gumba. Kati ya jiko na kamera kuna mwendo wa dakika nne kwa miguu, na dakika hizo nne zikaingia daftarini.

Wapishi ni akina mama lishe wawili kutoka sokoni na mama mmoja wa kitongoji, ambaye nyumba ni yake na kuni ni zake. Malipo yalikubaliwa mbele ya mzee mwenyeji, yanatolewa kila jioni mkononi, na kila mmoja anaweka sahihi. Maziwa, ndizi, magimbi na mboga vinanunuliwa kijijini kwa bei ya siku zote ya kijiji. Kikosi kikilipa maradufu kwa siku tatu, kinaondoka na kuwaacha majirani wakigombania bei isiyokuwepo. Mchele ni wa Kyela, kilo saba kwa siku, kwa hesabu ya kilo moja kwa walaji wanne hadi watano wenye njaa ya kazi. Maharage kilo tatu, nyama kilo sita, parachichi 15 za kukatwa nusu kwa nusu, maji ya kunywa lita 60. Ndoo mbili zenye koki na sabuni zimewekwa njiani kabla ya kufika kwenye chakula, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kuziona.

Maharage ndiyo yanayomsumbua kuliko nyama, na nilipouliza sababu alinieleza bila haraka. Tukuyu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko kama huo maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 95 badala ya 100. Moto ukiongezwa, maji yanakauka upesi tu, hayazidi kuwa ya moto. Kwa hiyo maharage yanayoiva pwani kwa muda fulani, huku yanataka muda zaidi, na maharage mekundu yasiyochemshwa sawasawa huharibu matumbo. Kikosi chenye watu watano wanaokimbilia chooni hakishuti kitu. Basi yanachambuliwa na kulowekwa saa 2:00 usiku, maji ya kulowekea yanamwagwa asubuhi, yanawekwa mapya, na saa 1:30 sufuria iko kwenye mafiga, moto mkali kwanza, halafu wa wastani.

Mambo mengine ya jikoni nayo yanapangwa kurudi nyuma kutoka saa 6:30. Mchele unaingia majini saa 5:15, katika sufuria mbili badala ya moja kubwa, kwa sababu wali wa kilo saba katika sufuria moja huungua chini kabla ya kuiva juu. Nusu saa baadaye, maji yakishakauka, kuni zinapunguzwa na makaa yanapaliwa juu ya mifuniko. Nyama inataka zaidi ya saa mbili, hivyo iwe motoni saa 3:00. Ili iwe motoni saa 3:00 ifike saa 2:45. Ili ifike saa 2:45 Noah itoke Tukuyu kabla ya saa 2:00. Ndiyo maana Noah haiongozani na Kosta alfajiri. Dereva wake analala kidogo zaidi, anasubiri bucha ifunguliwe, anashuka na nyama ya asubuhi hiyohiyo. Na dereva huyo ndiye mwenye kisukari. Mratibu alimpa gari hilo kwa makusudi, ili apate kifungua kinywa chake mezani kwa utulivu.

Siku ya kwanza saa 6:20 sufuria zilishuka. Mratibu alipanga mistari miwili, kila mmoja na mpakuaji wake. Wa kwanza kula walikuwa watu wa taa na wa kamera, kwa kuwa wao ndio wanaotangulia kuandaa sini ya alasiri. Waigizaji walikuja wamevishwa kanga kutoka shingoni hadi magotini juu ya mavazi ya filamu, tone la mchuzi lisije likaonekana kwenye sini iliyokwisha kushutiwa bila tone. Fundi sauti alipewa kibakuli cha kabichi mahali pa maharage, hakuhitaji kukumbusha. Mzee mwenyeji alikaribishwa akae, akahudumiwa kwa sahani iliyoletwa kwa mikono miwili. Mratibu mwenyewe hakula. Alisimama mwisho wa mstari akiangalia saa, na mtu wa mwisho alipopokea sahani ndipo alipoandika: 6:41. Mapumziko ya nusu saa yanaanzia hapo. Yakianzia kwa wa kwanza, wa mwisho anakuwa ameibiwa dakika 20, na hao wa mwisho mara nyingi ni walewale.

Siku ya pili ndiyo iliyoonyesha kazi yake yote. Lokesheni ilikuwa ng'ambo ya kijito, juu ya kilima, njia ya miguu tu, na usiku manyunyu yalianza. Kwenye ratiba zake kuna saa mbili za kuondoka, moja imeandikwa "kavu" na nyingine "matope", na madereva wanazijua zote. Saa 10:00 alfajiri alimpigia mzee.

"Shikamoo baba. Barabara imeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Imelowa, ila haijakatika. Kosta isishuke."

Alipita akigonga milango. Waliondoka saa 11:00, nusu saa mapema, Kosta ikaachwa njia panda, watu wakashuka kwa miguu kwa dakika 20 wakiwa na tochi. Vijana wa kubeba walikuwa wamesimama pale wakisubiri, kwa sababu nao walikuwa na saa zao mbili. Alipofika chini, mratibu alikanyaga kisigino chake kama kawaida, akatazama maji yakijaa, akampigia dereva wa Kosta kumwambia alale. Chai ilinywewa saa 12:30. Mwongozaji hakujua kwamba kulikuwa na tatizo.

Kuhusu chakula, alikuwa amekwisha amua kabla ya manyunyu. Wali, nyama na maharage ni vyombo vitatu vya kupandisha kilimani, na wali hupoa upesi. Kwa siku hiyo alichagua ndizi za kupika, mbalaga kama wenyeji wanavyosema, zikipikwa na maharage hadi ziwe nzito. Chakula kizito chenye mchuzi wake hushika joto kuliko wali mkavu, na ni chombo cha aina moja. Hotpoti kubwa zilijazwa maji yanayochemka, zikafunikwa kwa dakika kumi ili kuta zake zipate moto; maji yakamwagwa, na ndizi zikaingia zikitoka jikoni zikitokota. Kila hotpoti ilifungwa blanketi, ikashushwa ndani ya tenga, pembeni ikashindiliwa majani makavu ya migomba yasiyoacha upenyo. Moja ndogo, iliyobandikwa utepe wenye jina la fundi sauti, ilikuwa na ndizi na nyama bila maharage. Vijana walipanda nazo wakifuata njia ndefu zaidi, ile isiyo na mawe yaliyolowa, kwa sababu alikuwa amewaonyesha siku moja kabla ni ipi.

Juu kilimani alifungua ya kwanza na kuchomeka kipimajoto chake cha jikoni. Kinachotakiwa ni chakula kibaki juu ya nyuzijoto 60. Chini ya hapo vijidudu huanza kuzaliana. Kilisoma zaidi ya 70. Alifuta kipimajoto, akakichomeka kwenye hotpoti ya pili, halafu ya tatu, akifanya hivyo kwa umakini uleule, huku watu wenye njaa wakiwa wamemzunguka. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema, "Karibuni," na mistari miwili ikajipanga yenyewe.

Siku ya tatu kulikauka, na kila kitu kikaenda kama karatasi ilivyosema. Jioni alilipa, akasainisha, akahesabu vikombe vya watu na kuvirudisha, akapita uani kwa mama mwenye nyumba kuona kama majivu yamezolewa. Mifuko ya takataka iliingia kwenye Noah. Mama alimpa mkungu wa ndizi kwa ajili ya safari, na mratibu akaupokea kwa mikono miwili na kuuandika daftarini pamoja na vitu vingine vyote vilivyoingia siku hiyo.

Nilimwomba anionyeshe bajeti. Sehemu ndogo kuliko zote ilikuwa ile safari ya kwanza ya kupima njia: siku moja ya Kosta, mafuta, dereva, na nauli yake mwenyewe ya kutangulia. Aliniambia kwamba kwenye kazi nyingi alizopewa, mstari huo ndio wa kwanza kukatwa, kwa kuwa siku hiyo hakuna kinachoshutiwa. Lakini mahali pa kugeuza Kosta, dakika 60 za barabara, migomba ya kuzuia sauti ya mchi na njia isiyo na mawe ya kupandisha hotpoti vyote vilipatikana kwenye safari hizo za kutangulia. Wewe unayeandaa filamu yako ya kijijini, ukilazimika kukata kitu, kata sini. Nauli ya mratibu iache.